Ripoti ya vipimo vya umeme kwa nyumba ya maweni: kupima, kuandika na kutia saini

"Fundi, taa zimewaka, feni linazunguka. Kilichobaki nini tena?"

Aliniuliza hivyo Bi Mkubwa mmoja wa Micheweni, Pemba, mwezi wa Mei. Nyumba ilikuwa mpya, rangi bado yanukia, na mita ya TUKUZA imeshafungwa. Fundi aliyevuta nyaya alikuwa ameshasafiri bila kuacha hata karatasi moja. Nilimjibu kuwa kilichobaki ni ripoti ya vipimo. Akacheka, akadhani nataka kumwandikia risiti.

Nitaieleza kazi hii kwa nyumba hiyohiyo, kwa sababu ilikuwa na kila kitu kinachowasumbua mafundi wa visiwani: ardhi ya mawe ya matumbawe, chumvi ya bahari, na bodi yenye RCD, swichi zinazokata umeme ukivujia kwenye eathi, ambazo mwenyewe aliambiwa "ukibonyeza kitufe ikaanguka, basi eathi ni nzima". Nyumba ni ya fezi moja, volti 230. Waya unaotoka nguzoni unaleta moto na nyutro tu, kwa hiyo eathi ni rodi ya mwenye nyumba. Bodi ina meinswichi, RCD mbili za miliampea 30, na saketi tano.

Karatasi kwanza, mita baadaye

Chora jedwali kabla hujafungua mfuko wa vifaa. Kila saketi ipate mstari wake, na kila kipimo kipate nafasi mbili: moja ya namba uliyoisoma, ya pili ya kikomo unachokitumia kuihukumu. Nafasi hiyo ya pili ndiyo wengi wanaiacha. Ripoti yenye "118" peke yake haimwambii kitu fundi atakayekuja miaka mitano baadaye. Ikiwa na "118, kikomo 1667", anajua ulikuwa unafikiri nini, na kama ulikosea ataliona kosa lenyewe.

Neno "sawa" si kipimo. Liandike kwa vitu vya kuangaliwa kwa macho tu, kama breka kuwa na lebo au boksi kuwa na mfuniko. Kisichohusika na nyumba hiyo kiandikie "hakihusiki" usikiache kitupu, maana nafasi tupu hujazwa na mtu mwingine baada ya wewe kuondoka.

Juu ya ukurasa andika mahali, tarehe, aina ya mita ulizotumia na namba zake za kiwandani, na hali ya ardhi siku hiyo. Hilo la mwisho fomu nyingi hazina nafasi yake. Mimi huliongeza kwa kalamu, na sababu utaiona tukifika kwenye rodi.

Vipimo vya umeme uliozimwa

Zima meinswichi, ifungie isiweze kuwashwa na mtoto au mgeni, kisha hakikisha kwa kifaa cha kupimia volti kuwa kweli hakuna umeme. Kijaribu kifaa hicho mahali penye umeme kabla na baada. Ukishapata uhakika, anza na mwendelezo wa waya wa eathi.

Kipimo hiki hakitaki mita ya kawaida ya kulia "pii". Mita ya kulia inapitisha mkondo mdogo sana, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye skrubu iliyolegea unatosha kuifanya ilie. Tumia mita ya mwendelezo inayopitisha miliampea 200 au zaidi. Kutanisha ncha zake mbili kwanza, bonyeza kitufe cha kusufurisha ili ukinzani wa nyaya zake usiingie kwenye hesabu, kisha unganisha moto na eathi ya saketi pale kwenye bodi na uende kupima baina ya moto na eathi kwenye kila soketi. Namba kubwa kuliko zote ndiyo unayoiandika kama `R1+R2`, yaani ukinzani wa waya wa moto na wa eathi kwa pamoja.

Hakuna kitabu kitakachokupa kikomo cha namba hii, kwa sababu kinatokana na urefu wa waya. Unakitengeneza mwenyewe. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa omu 0.00741 kwa kila mita, ukiwa kwenye nyuzi 20. Saketi ya soketi za vyumbani ilikuwa na mita 28, eathi yake nayo ni 2.5, kwa hiyo hesabu ni hii:

```
R1+R2 = 28 × (0.00741 + 0.00741) = 0.41
```

Joto letu linaongeza kidogo, kama asilimia 4 ukifika nyuzi 30. Nilitegemea 0.43, na mita ikasoma 0.43.

Soketi za jikoni zilikuwa na mita 19 tu. Nilitegemea 0.29. Soketi tatu za mwanzo zikaenda vizuri, ya mwisho, ile ya karibu na karo, ikasoma 0.97. Nilipotikisa soketi, namba ikaruka mpaka 1.4 ikarudi. Hapo sihitaji kuambiwa: nikafungua, nikakuta skrubu ya eathi imekaza ngozi ya waya badala ya shaba, na unywele mmoja wa shaba ndio uliokuwa unafanya kazi yote. Mita ya kulia ingelia bila wasiwasi. Nikamenya upya, nikakaza, ikasoma 0.29.

Hapa fundi anajaribiwa. Andika 0.29 kwenye jedwali, sawa, lakini sehemu ya maelezo andika pia kuwa ilisoma 0.97 na ulichokirekebisha. Si kwa kumsema aliyefunga. Ni kwamba mtu akiona kosa moja la namna hiyo, atajua soketi nyingine za mkono uleule nazo zinataka kufunguliwa. Nilizifungua zote. Moja zaidi ilikuwa hivyohivyo, ila bado haijaanza kuonekana kwenye namba.

Ukimaliza hapo, kamba ya kuunganisha moto na eathi kwenye bodi itoe. Wanaisahau wengi, halafu mega inasoma sufuri na mtu anaanza kuvunja plasta.

Mega

Mega ni volti 500 za mkondo mnyoofu zinazopelekwa baina ya waya na eathi kuona kama kihami kinavuja. Kikomo kwa nyumba ya volti 230 ni megaomu 1, na ndicho kilichomo kwenye kanuni za kimataifa, IEC 60364 sehemu ya 6, na kwenye zile za Uingereza, BS 7671. Mimi kwa nyumba mpya siridhiki nacho. Waya mpya kwenye paipu kavu husoma mamia. Nyumba mpya ikisoma 1.5 imepita kwa karatasi, lakini kuna mahali panaumwa.

Kabla ya kubonyeza, toa balbu zote, chomoa vifaa vyote, na fungua nyaya za kinga ya radi kama ipo kwenye bodi. Volti 500 zitaiamsha kinga hiyo na usomaji utakuwa wake, si wa nyumba. Taa za LED zilizojengwa darini zina vifaa vidogo vya elektroniki ndani, na kipimo cha moto kwa nyutro kinaweza kuviua. Ikiwa haziwezi kutolewa, unganisha moto na nyutro pamoja, pima vyote viwili kwa eathi tu, na uandike kwenye ripoti kuwa hukupima baina ya moto na nyutro na kwa nini. Swichi za taa ziwe zimewashwa, la sivyo waya wa upande wa pili wa swichi hujaupima.

Bodi yote kwa pamoja ilisoma megaomu 0.37. Imefeli. Usiogope namba ya bodi nzima, kwa sababu saketi zikipimwa pamoja zinavuja pamoja, na ile mbovu kuliko zote ndiyo inayotawala. Zitenganishe moja moja:

| Saketi | Breka | R1+R2 (omu) | Mega ya mwanzo (megaomu) | Mega ya mwisho |
|---|---|---|---|---|
| 1. Taa za ndani | B6 | 0.60 | zaidi ya 200 | zaidi ya 200 |
| 2. Taa za nje | B6 | 0.80 | 0.38 | 86 |
| 3. Soketi vyumbani | B20 | 0.43 | zaidi ya 200 | zaidi ya 200 |
| 4. Soketi jikoni | B20 | 0.29 | 140 | 140 |
| 5. Pampu ya kisima | C16 | 0.54 | 62 | 62 |

Mwizi amejitaja mwenyewe. Saketi ya taa za nje ina taa nne kuzunguka nyumba, nami sikupanda ngazi mara nne. Nilifungua boksi la katikati, nikatenganisha nyaya, nikapima nusu ya kwanza: nzima. Nusu ya pili ina taa mbili, moja ya nyuma na moja inayotazama bahari. Ile ya baharini, nilipotoa mfuniko, chini yake palikuwa na maji kiasi cha kifuniko cha chupa, na skrubu zimeshaota kijani. Paipu lilikuwa linaingilia boksi kwa juu bila kuzibwa. Mvua ya masika haikupewa kazi ngumu.

Tukabadilisha holda, tukaingiza waya kwa chini, tukaziba. Saketi ikasoma 86 na bodi nzima 23. Nikaandika zote mbili, 0.38 na 86. Namba ya saketi hiyo ndiyo ya kuangaliwa mwakani, kwa sababu chumvi haitoki hewani, na boksi lililovuja mara moja ndilo la kutiliwa shaka tena.

Rodi kwenye mawe

Hapa ndipo ripoti za visiwani zinapodanganya zaidi, na mara nyingi fundi hana nia ya kudanganya. Anajaza fomu iliyotengenezwa kwa nyumba ambayo eathi yake imetoka kwa shirika la umeme kwa waya wa shaba, huku nyumba aliyosimama mbele yake ina rodi kwenye jiwe.

Kuna njia mbili za kuipima rodi. Nyumba ambayo haijapata umeme hupimwa kwa vijiti viwili vya mita: kimoja mbali, tuseme mita 20, kingine katikati. Unasoma, unakisogeza kile cha katikati mita 2 mbele na 2 nyuma, unasoma tena. Namba tatu zikikaribiana, chukua wastani; zikitofautiana sana, kijiti cha mbali hakijafika mbali vya kutosha. Kwenye kinongo au mchanga wenye maji njia hii ni raha. Kwenye maweni vijiti haviingii, vinapinda.

Micheweni umeme ulikuwepo, nikatumia mita ya luupu, inayopima ukinzani wa njia nzima ya mkondo. Zima meinswichi. Ondoa waya wa eathi unaotoka kwenye rodi, uchomoke kwenye bodi kabisa. Pima baina ya moto unaoingia kabla ya meinswichi na waya huo. Hapo unagusa umeme ambao huwezi kuuzima wewe, kwa hiyo tumia ncha zenye vifuniko, mkono mmoja, na usimame pakavu. Namba utakayoipata imechanganyika na eathi ya upande wa transfoma, kwa hiyo ni kubwa kidogo kuliko rodi yenyewe, na kukosea upande huo si dhambi. Rudisha waya wa eathi kabla ya kitu kingine chochote. Mimi huiweka funguo ya meinswichi juu ya waya huo ili nisiweze kuwasha bila kuushika kwanza.

Nilipokuwa natayarisha mita, mwanagenzi wangu akaja na ndoo ya maji.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kumwagia rodi, fundi. Namba itashuka."

Itashuka kweli, mpaka jua la kesho. Nikamwambia akamwagie migomba.

Mita ikasoma omu 640. Na ilikuwa Mei, ardhi imelowa mvua. Nikachimbua kidogo pembeni ya rodi, nikakuta sehemu ya juu imekatwa kwa msumeno. Rodi ya mita 1.2 ilikuwa imeingia kama sentimita 70 ikakutana na jiwe, na kilichobaki nje kikakatwa ili ionekane imezama yote.

Sasa angalia hesabu, maana hapa karatasi inaweza kukuhadaa. Kwa nyumba ya rodi, sharti ni kuwa ukinzani wa rodi ukizidishwa na mkondo wa kuangusha RCD usipite volti 50:

```
RA × IΔn ≤ 50 V
640 × 0.03 = 19.2 V
```

Imepita! Kikomo ni 50 gawanya kwa 0.03, yaani omu 1667, na 640 iko chini sana. Fundi mwenye haraka ataandika "imefaulu" na kwenda zake. Lakini BS 7671 inatahadharisha kuwa rodi iliyopita omu 200 huenda isitulie. Sentimita 70 za udongo juu ya jiwe hukauka zote wakati wa kaskazi. Rodi ya 640 mwezi wa Mei itakuwa ngapi Februari sijui, na mimi sisaini kitu kama hicho.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bonde dogo lililojaa udongo mwekundu, mwembe umeota hapo. Mti ukistawi, udongo upo. Tukapiga rodi mbili za mita 1.2 zilizozama zote, zimeachana mita 3, tukazileta kwenye bodi kwa waya wa kijani na manjano wa milimita mraba 16 ndani ya paipu. Nafasi baina ya rodi ni muhimu: zikikaribiana kuliko urefu wake zinagombania udongo uleule na faida inakuwa ndogo. Nikapima tena: omu 118.

Zs, na kikomo kipi cha kuandika

Washa umeme. Kwenye kila saketi pima `Zs`, yaani njia nzima ambayo mkondo utapita ukivujia kwenye eathi. Weka mita kwenye hali ya kutoangusha RCD. Saketi zote tano zilisoma 118 au 119, kwa sababu rodi ni kubwa kiasi kwamba waya wa ndani hauonekani.

Fomu ya kawaida ina nafasi ya "kikomo cha Zs" na mafundi huijaza kwa jedwali la breka. Kwa B20 jedwali linasema omu 2.19. Tuna 118. Kwa kikomo hicho nyumba imefeli vibaya, na ndiyo maana wengine hubuni 0.6 au 0.8 ili fomu ipendeze. Ukiona ripoti ya nyumba yenye rodi peke yake na Zs ni 0.6, iweke pembeni. Njia inayopita kwenye rodi haiwezi kuwa ndogo kuliko rodi yenyewe.

Ukweli ndio huu, na uandikwe hivyo. Waya wa moto ukigusa bati la friji katika nyumba hii, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 118, chini kidogo ya ampea 2. Breka ya ampea 20 itatulia kama hakuna kilichotokea, na bati la friji litabaki na karibu volti zote mpaka mtu aje kulishika. Atakayekata ni RCD pekee, kwa sababu ampea 2 kwake ni mara zaidi ya 60 ya miliampea 30. Basi kwenye nafasi ya kikomo niliandika "1667, kwa RCD ya miliampea 30", na kwenye maelezo: "Ulinzi wa kuvuja kwenye eathi unategemea RCD tu. RCD isiondolewe wala isirukwe." Sentensi hiyo ina thamani kuliko namba zote za safu ile, maana RCD ikianza kuanguka usiku wa mvua, dawa ya kwanza mtaani ni kuiruka kwa waya.

Pima pia luupu ya moto kwa nyutro pale umeme unapoingilia. Hapo nilipata omu 0.62, yaani mkondo wa shoti wa ampea 371, sawa na kiloampea 0.37. Breka zimeandikwa `6000`, yaani zinahimili shoti ya ampea 6000, kwa hiyo haziwezi kulemewa. Vijijini, mwisho wa laini ndefu, tatizo huwa la kinyume: shoti ikiwa ndogo mno breka inachelewa. Pampu ya kisima iko mita 35, breka yake ni C16, na ili ikate papo hapo inataka ampea 160. Kwenye pampu luupu ilisoma 1.16, ambayo ni ampea 198. Imepita, si kwa mbali. Ingekuwa mita 60 za waya uleule isingepita.

RCD haipimwi kwa kidole

Kitufe chenye herufi `T` kinapitisha mkondo mdogo ndani ya RCD yenyewe, kutoka moto kwenda nyutro. Hakigusi rodi. Ng'oa waya wa eathi nyumba nzima, bonyeza, na RCD itaanguka vizuri tu. Kwa hiyo kitufe kinathibitisha kuwa chuma cha ndani hakijakwama, na hayo tu. Nilimwonyesha Bi Mkubwa jambo hili wakati waya wa eathi umechomolewa, RCD ina umeme, na breka za saketi zote zimezimwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe nilikuwa nabonyeza bure."

Kwa mita, kuna namba tatu za kuandika. Nusu ya mkondo, miliampea 15: isianguke. Mkondo wake kamili, 30: ianguke kabla ya milisekunde 300. Mara tano, 150: kabla ya milisekunde 40. Mita ina kitufe cha `0°` na `180°`, nusu mbili za wimbi la umeme. Pima kwa zote mbili na uandike iliyochelewa zaidi, si iliyokuvutia.

RCD ya kwanza ilikata kwa milisekunde 31 kwa mkondo kamili na 14 kwa mara tano. Ya pili ilianguka kwenye miliampea 15. Usikimbilie kuilaumu. Nikazima breka za upande wake zote nikarudia, ikakaa bila kuanguka. Nikawasha moja moja: ni pampu. Mota ya pampu ilikuwa inavujisha kidogo muda wote, na uvujaji wake ukijumlishwa na miliampea 15 za mita unafika mahali pa kuangusha. Ilikuwa pampu ya zamani iliyohamishwa kutoka nyumba nyingine, na kwenye mega sikuipima, kwa kuwa niliichomoa kama nilivyochomoa kila kitu. Nilipoipima peke yake ilisoma megaomu 0.02. Tukaitoa kwenye saketi mpaka itengenezwe. RCD ya pili ikasoma 27 na 12.

Saini

Ripoti kamili ina saini za kazi tatu: aliyechora na kuchagua ukubwa wa waya na breka, aliyefunga, na aliyepima. Mara nyingi ni mtu mmoja na anasaini mara tatu. Hapa hakuwa mmoja. Mimi nilisaini kupima, na kwa mkono wangu nikaandika kuwa rodi mbili, holda ya taa ya nje na skrubu za soketi mbili ni kazi yangu. Nyaya zilizomo ndani ya plasta sikuziona zikifungwa, na hilo nikaliandika kama mpaka wa ukaguzi. Bi Mkubwa aliniomba nisaini na kule kwa aliyefunga, "ili karatasi ikamilike." Nafasi ile niliiandikia "fundi hakupatikana" na tarehe.

Ukikosea namba, ipige mstari mmoja ili isomeke, andika sahihi pembeni na herufi za jina lako. Wino wa kufutia unaifanya karatasi nzima isiaminike. Na usinakili mstari wa juu kwenda chini. Ripoti ya uongo inajulikana kwa macho: mega 200 saketi zote, `R1+R2` zote sawa ingawa moja inakwenda sebuleni na nyingine kisimani, RCD mbili zenye milisekunde zilezile.

Pampu sikuiweka kwenye "imefaulu". Nyumba ilipasishwa kwa saketi nne, ya tano ikaandikwa "waya umepita, pampu imetolewa, isirudishwe kabla ya kupimwa". Nakala moja akaichukua mwenyewe, ya pili nikaitia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mlango wa bodi, ya tatu ni yangu.

Chini kabisa niliandika: "Rodi imepimwa Mei, ardhi imelowa. Ipimwe tena mwisho wa kaskazi." Nilirudi Februari, udongo wa chini ya mwembe umepasuka kwa ukavu. Pampu ilikuwa imeshafungwa mota mpya, ikasoma megaomu 95. Rodi ikasoma omu 163. Nikaifungua karatasi ya mlangoni, nikaandika 163 chini ya ile 118, tarehe, na saini.